Kiashiria kilikuwa cheupe jioni, asubuhi kimerudi pinki: nisome vipi sahani zangu?

Mlinzi_wa_Sahani · #1

Wakuu, habari za kazi. Niko maabara ya hospitali huku Iringa, naomba mawazo kwa walioshughulika na bakteria wasiovumilia oksijeni.

Jumatatu mchana nililetewa sampuli mbili. Ya kwanza ni usaha wa jipu la tumboni, mgonjwa aliwahi kupasuliwa kidole tumbo. Ya pili ni kipande cha nyama kutoka kidonda cha paja, kijana wa bodaboda aliyeanguka shambani. Kwenye darubini kile kipande kilionyesha fito nene za gramu chanya, na seli za usaha zilikuwa chache mno. Usaha wa jipu ulikuwa na mchanganyiko.

Nilipanda zote mbili kwenye agari ya damu, seti moja kwenye hewa ya kawaida na nyingine kwenye mtungi wa lita 2.5 pamoja na pakiti ya gesi, ile ya asidi askobiki isiyotiwa maji. Kiashiria ni ukanda wa resazurini. Nilipokuwa natoka saa kumi na mbili jioni ulikuwa umeshakuwa mweupe kabisa.

Usiku umeme ukakatika, na jenereta haifiki chumba chetu. Asubuhi kipimajoto cha inkubeta kilisoma 24, na ukanda ulikuwa na pinki hafifu. Umeme ulirudi saa moja na nusu. Sikufungua mtungi, niliuacha utimize saa 48. Inkubeta ilirudi 37, lakini ile pinki haikuondoka.

Nilipofungua, sahani ya paja ilikuwa na makoloni makubwa yenye pete mbili za kuvunja damu, ya ndani safi na ya nje imefifia. Sahani ya jipu ilikuwa na E. koli tu, yule yule aliyeota kwenye hewa. Sasa majibu niyaandikeje? Na ile oksijeni iliingia wapi?

---

Kibokooo · #2

Naweka mkeka hapa. Uzi wa mtungi usiokuwa wa gesi ya kupikia ni adimu humu.

---

Msafiri_wa_Kusini · #3

Dada, mbona mnajisumbua na mapakiti ya bei mbaya? Weka sahani kwenye kopo kubwa, washa mshumaa juu yake, funga kifuniko. Mshumaa ukizimika maana yake oksijeni imekwisha. Chuoni tulifanya hivyo na bakteria waliota vizuri tu.

---

MzeeWaOveni · #4

Msafiri, hapana. Mshumaa unazimika oksijeni ikiwa bado ipo asilimia 16 hivi, kutoka ile 21 ya hewa ya kawaida. Unachopata ni kaboni dayoksaidi asilimia 3 au zaidi kidogo. Hiyo inawafaa bakteria wa kisonono na wale wa homa ya uti wa mgongo, ambao wanapenda kaboni dayoksaidi na hawana ugomvi na oksijeni. Nina hakika hao ndio mliowaotesha chuoni. Anaerobi wa kweli ukimweka humo hataota.

Mlinzi, nina maswali mawili kabla sijasema kitu. Pakiti yako imeandikwa kwa ajili ya mtungi wa lita ngapi? Na ulipoichana ile karatasi ya nje, ilipita muda gani mpaka kifuniko kikabana?

---

Mlinzi_wa_Sahani · #5

Shikamoo mzee. Pakiti ni ya lita 2.5, sawa na mtungi. Kubana ilikuwa ndani ya dakika moja, sahani na ukanda vilishakuwa ndani, pakiti ndiyo iliyoingia mwisho.

---

MzeeWaOveni · #6

Marahaba. Hapo umefanya sawa. Ile pakiti ikishachanwa inaanza kula oksijeni ya chumba papo hapo, na unaisikia ikipata joto mkononi. Ukikaa nayo mezani dakika tano ukitafuta kifuniko, umeshaipunguzia nguvu kabla haijaingia ndani.

Na hebu usitie maji. Nalisema hili kwa sababu vijana wanachanganya na pakiti za aina ya zamani. Zile zilikuwa na sodiamu borohaidraidi pamoja na bikaboneti na asidi sitriki. Unakata kona, unamimina mililita 10 za maji, zinatoa hidrojeni na kaboni dayoksaidi. Hidrojeni inakutana na oksijeni juu ya punje zilizopakwa paladiamu zilizo chini ya kifuniko, vinakuwa maji. Ndiyo maana mtungi wa aina ile ukienda vizuri unaona ukungu kwenye kuta ndani ya nusu saa. Ukiona kuta kavu, ujue paladiamu imelala.

---

Kibokooo · #7

Mzee, maji mangapi yanatoka humo? Tusije tukafungua kisima.

---

MzeeWaOveni · #8

Kidogo tu. Mtungi wa lita 2.5 ukishajaza sahani unabaki na hewa kama lita 2, ambayo ndani yake oksijeni ni mililita 420. Ikiungana yote na hidrojeni unapata maji kama nusu mililita na ushee. Hiyo inatosha kulowanisha kuta, na inatosha pia kulowanisha punje za paladiamu zisifanye kazi safari inayofuata. Ndiyo maana tulikuwa tunazitoa baada ya kila matumizi na kuziweka oveni kavu, nyuzi 160, saa moja na nusu hadi mbili. Jina langu humu limetoka huko.

Kitu kingine kilichokuwa kinaziua ni ile harufu ya mayai viza ambayo bakteria wenyewe wanaitoa. Salfa inashika kwenye paladiamu, haidrojeni haipati pa kukaa.

---

BintiBandari · #9

Habari kutoka Mombasa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kuhusu swali la Mlinzi nafikiri jibu ni rahisi. Tulifundishwa kwamba kiashiria kikishapoteza rangi hakirudi nyuma, kwa hivyo hiyo pinki asubuhi si oksijeni, ni ukungu umelowesha ukanda na rangi iliyobaki pembeni ikasambaa.

---

KalamuYaGramu · #10

BintiBandari, umeshika nusu ya somo. Resazurini ina hatua mbili. Kwanza ni buluu inakwenda pinki, na hatua hiyo kweli hairudi. Ya pili ni pinki inakwenda isiyo na rangi, na hii inarudi kila oksijeni inapoingia. Ukanda wa dukani kazi yake yote iko kwenye hatua ya pili. Hebu chana pakiti ya ukanda mpya mezani uuangalie: unatoka mweupe, na ukikaa hewani unaingia pinki. Usipoingia pinki huo umekufa, na ukiuweka mtungini utakudanganya kwa weupe wake hata kama kifuniko kiko wazi.

Methilini buluu nayo inarudi. Ikinyimwa oksijeni na ikiwa na kitu cha kuipunguza, inakosa rangi. Ikipata oksijeni, buluu inarudi.

Kwa hiyo pinki ya Mlinzi naisoma kama oksijeni. Swali ni kiasi gani.

---

BintiBandari · #11

Asante. Kwa hivyo ukanda ukiwa mweupe ndiyo uhakika kwamba ndani hakuna oksijeni hata chembe?

---

KalamuYaGramu · #12

Hapana, na hapa watu wengi wanateleza. Ukanda hauhesabu oksijeni. Unageuka rangi mazingira yake yakishuka chini ya kiwango fulani cha kupokea na kutoa elektroni. Methilini buluu inageuka karibu na milivolti +11, resazurini karibu na −51, ukipima kwenye pH 7. Wako anaerobi wagumu wanaotaka chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo weupe unakuambia umeingia uani, haukuambii umefika chumbani.

Halafu ukanda unachelewa. Hewa ya mtungini inaweza kuwa imeshashuka chini ya asilimia 1 ndani ya nusu saa, lakini ukanda unaendelea kuwa na rangi kwa saa kadhaa, kwa sababu rangi yenyewe inataka muda na joto ili ibadilike. Nimeona watu wanafungua mtungi baada ya saa mbili wakidhani umeshindwa, kumbe wao ndio wameuharibu.

---

Fundi_Baridi · #13

Mimi si wa maabara, natengeneza friji na vyumba vya baridi, lakini hili la umeme kukatika ni la kwangu kabisa.

Mtungi ulifungwa ukapata joto la 37. Usiku ukashuka hadi 24. Gesi ikipoa inasinyaa. Ukihesabu kwa nyuzi za kelvini umetoka 310 kwenda 297, ambayo ni upungufu wa asilimia 4 na kidogo. Kwenye lita 2 za gesi hiyo ni kama mililita 84. Mtungi ukiwa umebana sawasawa unabaki tu na mgandamizo mdogo kuliko wa nje, hakuna kinachoingia. Oringi ikiwa na kasoro, mtungi unavuta hewa ya chumba mpaka unalingana. Mililita 84 za hewa zina oksijeni mililita 18 hivi. Gawanya kwa lita 2, unapata karibu asilimia 0.9.

Dada, asilimia 0.9 inatosha kuleta pinki hafifu?

---

KalamuYaGramu · #14

Inatosha kabisa. Hesabu nzuri hiyo, sijawahi kuiona ikipigwa namna hii.

---

MzeeWaOveni · #15

Fundi, hesabu yako sina ubishi nayo, ila nina pingamizi. Pakiti ya askobiki haifi baada ya nusu saa. Inatengenezwa na akiba. Kama imekula mililita 420 mchana, mililita 18 usiku si kitu kwake. Na mwenye uzi amesema inkubeta ilirudi 37 asubuhi na ukanda ukabaki pinki mpaka saa 48. Uvujaji wa mara moja ungesafishwa na pakiti na ukanda ungerudi mweupe. Mimi naona hewa ilikuwa inaingia muda wote, kidogo kidogo, mpaka akiba ikaisha. Umeme umesingiziwa.

---

Fundi_Baridi · #16

Mzee, hiyo haiondoi umeme. Oringi ya raba ikipoa inakuwa ngumu na inasinyaa na yenyewe. Inaweza kuwa ilibana vizuri kwenye 37, ikaachia kwenye 24, na ikishaachia haikai tena mahali pake mpaka ufungue na kufunga upya. Hapo uvujaji umeanzishwa na baridi ukaendelea kwenye joto. Kwenye friji za biashara naliona hili kila msimu wa baridi.

---

Mwl_Biolojia · #17

Samahani naingilia kati. Nafundisha sekondari Morogoro na ningependa wanafunzi waone jambo hili kwa macho yao. Pakiti za maabara siwezi kununua. Je, vile vifuko vidogo vya unga wa chuma vinavyowekwa kwenye vyakula vikavu na nyama ya kukausha ili visiharibike, haviwezi kufanya kazi hiyo hiyo?

---

KalamuYaGramu · #18

Mwalimu, kwa kula oksijeni vinafanya. Chuma kinapata kutu, na kutu inahitaji oksijeni. Weka vya kutosha kwa ukubwa wa chombo, na unyevu kidogo uwepo, maana chuma kikavu hakipati kutu kwa haraka. Ila havitoi kaboni dayoksaidi, na anaerobi wengi wanaihitaji ili waanze kuota. Pakiti ya askobiki inapokula oksijeni inatoa kaboni dayoksaidi badala yake, kwa hiyo mtungi hauvutiki sana ndani. Ukitumia chuma peke yake, ile sehemu ya tano ya hewa inatoweka bila kurudishiwa kitu, na mtungi unaanza kunyonya. Kifuniko kibovu utakijua siku hiyo hiyo.

---

MzeeWaOveni · #19

Mwalimu, iko njia ya zamani zaidi ya sufu ya chuma, ile ya kusugulia masufuria isiyo na sabuni. Unaichovya kwenye mmumunyo wa kopa salfeti uliotiwa asidi kidogo, inapata ngozi nyembamba ya shaba, unakamua, unaweka chomboni. Inakula oksijeni kwa kasi kuliko chuma kitupu. Wanafunzi wavae glavu na miwani.

Kiashiria unaweza kupika mwenyewe. Tulikuwa na chupa tatu. Ya kwanza, mililita 6 za sodiamu haidroksaidi ya desinomali unaongeza maji mpaka 100. Ya pili, mililita 3 za methilini buluu ya asilimia 0.5, unaongeza maji mpaka 100. Ya tatu, gramu 6 za glukosi kwenye mililita 100 za maji. Unachanganya sawa kwa sawa kwenye neli ndogo, unachemsha mpaka buluu ipotee, unaingiza mtungini ikiwa bado ya moto. Mtungi ukiwa mzuri inabaki bila rangi. Ukiwa mbovu buluu inaanza juu, pale mmumunyo unapogusana na hewa, halafu inateremka. Watoto wataipenda, hata kama hamwoteshi kitu.

---

Mwl_Biolojia · #20

Nashukuru sana mzee. Nitafanya ile ya neli bila bakteria wowote.

---

Kibokooo · #21

Mwalimu amepata somo la wiki nzima, Mlinzi bado ameshika karatasi ya majibu hajui aandike nini. Rudini kwa mwenye uzi jamani.

---

KalamuYaGramu · #22

Kibokooo leo umesema la maana.

Mlinzi, zitenganishe hizo sahani mbili, maana ile pinki haiziharibu kwa namna moja.

Sahani ya paja: fito nene za gramu chanya, seli za usaha chache, pete mbili za kuvunja damu. Hiyo picha ni ya klostridia perfrinjensi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Perfrinjensi ana uvumilivu kuliko wenzake wengi, oksijeni kidogo haimzuii, na anagawanyika haraka sana. Kwa hiyo kuota kwake hakuthibitishi kwamba mtungi ulikuwa mzima, lakini pinki nayo haifuti kwamba ameota. Chukua koloni moja, pandikiza sahani mbili, moja hewani na moja mtungini, kwenye ile ya mtungini weka kidonge cha metronidazoli cha mikrogramu 5. Ikiota mtungini tu na ikiacha duara tupu kuzunguka kidonge, unaye anaerobi. Ila usisubiri hayo ndipo umpigie daktari. Kwa kidonda cha namna hiyo majibu ya darubini peke yake yalitakiwa yafike wodini siku ile ile.

Sahani ya jipu ni habari nyingine. Jipu la tumboni baada ya kidole tumbo, darubini inaonyesha mchanganyiko, halafu anaota E. koli peke yake? Wale wengine wako wapi? Hapo huwezi kuandika "hakuna anaerobi walioota" kana kwamba umewatafuta sawasawa. Andika kwamba mazingira ya kuoteshea hayakukidhi, omba sampuli nyingine, na utaje mchanganyiko ulioonekana kwenye darubini.

---

Mlinzi_wa_Sahani · #23

Nimekuelewa. Ya darubini niliipeleka kwa simu Jumatatu jioni, na kijana alirudishwa chumba cha upasuaji usiku ule ule kusafishwa. Kwa jipu nitaandika hivyo. Usaha uliobaki kwenye sirinji nilikuwa nimeuhifadhi, naweza kuupanda tena?

---

KalamuYaGramu · #24

Sirinji ilitolewa hewa na kuzibwa?

---

Mlinzi_wa_Sahani · #25

Ilizibwa, lakini ilikaa siku mbili. Na ilikuwa kwenye friji.

---

MzeeWaOveni · #26

Hapo omba mpya. E. koli atakuwa amesalia kuliko wengine wote, na baridi ya friji inaruhusu oksijeni kuyeyuka kwa wingi zaidi kwenye usaha. Wengine wangekuambia panda tu uone. Mimi nasema kama mgonjwa bado ana bomba la kutolea usaha, hata hilo bomba usilitegemee, maana limeshakuwa na wapangaji wapya. Daktari avute kwa sindano kutoka ndani.

---

DadaWaWodini · #27

Niongeze la upande wetu. Wodini tunaletewa fimbo za pamba kavu na kuambiwa tuchukue usaha wa kuotesha anaerobi. Kutoka wodini hadi maabara ni mwendo, na foleni ya mapokezi inaweza kula saa nzima. Mnajadili asilimia 0.9 ndani ya mtungi wakati sampuli imeshapumua 21 njiani. Kama jipu halikuotesha kitu, mimi ningeanza kuuliza hapo.

---

KalamuYaGramu · #28

DadaWaWodini, ya Mlinzi ilikuja kwa sirinji, ila hoja yako inasimama kwa sampuli nyingi zinazotufikia. Nakubali kwamba siwezi kusema ni pinki iliyoua bakteroide wa lile jipu. Bakteroide frajilisi mwenyewe si dhaifu sana mbele ya oksijeni. Inawezekana walikufa kabla ya mtungi. Inawezekana pia dawa: mgonjwa alikuwa kwenye metronidazoli kabla hajachukuliwa usaha?

---

Mlinzi_wa_Sahani · #29

Fomu haijasema. Nimepiga simu wodini, wameniambia alianzishiwa siku moja kabla.

---

Kibokooo · #30

Ala! Kumbe mtungi ulikuwa unashitakiwa peke yake.

---

MzeeWaOveni · #31

Hiyo inabadilisha picha ya jipu, haibadilishi ya mtungi. Ukanda haukumeza metronidazoli. Mlinzi, ukitaka kujua ugonjwa wa mtungi wako, uweke mtupu: pakiti mpya, ukanda mpya, na sahani moja ya agari ya sitreti uliyopanda sudomonasi. Huyo bila oksijeni haoti kwenye agari hiyo. Ukimkuta ameota, oksijeni ilikuwepo, hata kama ukanda umekuonyesha weupe. Namwamini sudomonasi kuliko ukanda, kwa sababu ukanda unaona wakati ule tu unaoutazama, naye anakuwekea kumbukumbu ya usiku mzima.

---

KalamuYaGramu · #32

Nakubaliana, ila kwa tahadhari. Akipewa naitreti anaweza kuota bila oksijeni, kwa hiyo agari iwe hiyo hiyo ya sitreti, asije mtu akatumia yoyote iliyoko kwenye friji. Na oksijeni ikiwa ndogo sana anaota kwa unyonge, makoloni ya kutafuta kwa lenzi. Mtu akitupa jicho haraka atasema hajaota.

---

Fundi_Baridi · #33

Na mimi naomba jaribio liwe na baridi ndani yake. Acha mtungi kwenye 37 mpaka ukanda uwe mweupe, kisha uzime inkubeta usiku, asubuhi uangalie. Kama una mitungi miwili, fanya kwa yote, halafu badilishana oringi urudie. Tatizo likihama na oringi, umemkamata mwizi.

Kabla ya hapo pitisha kidole kwenye oringi nzima na kwenye mfereji wake. Unyoya mmoja wa pamba au punje ya agari iliyokauka inatosha. Paka grisi ya silikoni, nyembamba sana. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanavimbisha baadhi ya raba, msiyatumie.

---

Msafiri_wa_Kusini · #34

Huko Iringa ni juu, karibu mita 1,500 na zaidi. Hewa ni nyepesi. Hamwoni kwamba pakiti zimepimwa kwa hewa ya pwani na huku zinachanganyikiwa?

---

Fundi_Baridi · #35

Ingekuwa hivyo, ingekuwa kwa faida yake. Hewa ikiwa nyepesi, oksijeni ndani ya mtungi ule ule inakuwa pungufu kwa uzito, ingawa asilimia ni ile ile 21. Pakiti ingekuwa na kazi ndogo zaidi.

---

Msafiri_wa_Kusini · #36

Sawa, nimekubali. Ila mshumaa naendelea kuutetea kwa kisonono.

---

MzeeWaOveni · #37

Huko hakuna anayekupinga.

Wakati mnangoja majibu ya jaribio, niseme jambo la hii mitungi. McIntosh na Fildes waliutoa wa kwao mwaka 1916, katikati ya vita, wakati vidonda vya askari vilikuwa vinaoza kwa hawa hawa klostridia. Ulikuwa wa chuma, hidrojeni inatoka kwenye mtungi wake, na paladiamu inapashwa moto ndipo ifanye kazi. Nimefanya kazi na wajukuu wake: unaunganisha pampu, unatoa hewa, unaingiza gesi, unatoa tena, na geji unaitazama. Ile geji ndiyo ninayoikosa kwenye hii ya plastiki. Ulikuwa unafunga vali, unasubiri, sindano ikisogea unajua unavuja kabla hujaweka sahani ya mgonjwa. Brewer na Allgeier walipoleta pakiti ya kutiwa maji miaka ya 1960, tuliondokana na mitungi ya hidrojeni iliyokuwa inatutisha, lakini na geji ikaondoka.

---

BintiBandari · #38

Mzee, hidrojeni ya kwenye pakiti haiwezi kulipuka?

---

MzeeWaOveni · #39

Inaweza ukiwa mzembe. Mtungi wa aina hiyo usifunguliwe karibu na kichomeo cha gesi kinachowaka. Na kama paladiamu imelala, ndani una hidrojeni na oksijeni pamoja, zinasubiri cheche. Kuta kavu na ukanda wenye rangi kwenye mtungi wa hidrojeni: peleka penye upepo, fungua taratibu, zima moto wote. Ya askobiki haina hidrojeni, hofu hiyo haipo.

---

Mlinzi_wa_Sahani · #40

Wakuu, nimerudi.

Kwanza mgonjwa: koloni la paja limeota mtungini tu, mtungi mwingine, na duara la metronidazoli ni pana. Hewani hakuna kitu. Majibu yametoka.

Sasa mtungi. Nilifanya kama alivyosema Fundi, mitungi miwili mitupu, kila mmoja na ukanda na sahani ya sudomonasi. Jioni yote miwili ilikuwa na ukanda mweupe. Nilizima inkubeta usiku. Asubuhi ule wa zamani ulikuwa pinki, mwingine mweupe. Sudomonasi wa mtungi wa zamani ameota kwa unyonge, kwa lenzi, kama alivyosema Kalamu. Wa pili hajaota kabisa.

Nikabadilishana oringi, zote nikazisafisha na kupaka grisi, nikarudia. Mtungi wa zamani, ukiwa na oringi nzuri ya mwenzake, umerudi pinki tena. Ule mwingine umebaki mweupe ukiwa na oringi niliyokuwa naishuku. Halafu nikaufanya wa zamani bila kuzima inkubeta: mweupe mpaka mwisho.

---

Fundi_Baridi · #41

Basi si oringi, ila baridi imo. Angalia ukingo wa mtungi wenyewe chini ya taa, upande kwa upande. Plastiki ngumu inapata mikwaruzo na nyufa ndogo, hasa ikisafishwa kwa spiriti. Ufa unaofunguka kwenye baridi na kujifunga kwenye joto si kitu cha ajabu.

---

MzeeWaOveni · #42

Mimi naangalia kibano. Skrubu ya kifuniko ikichoka, kwenye 37 gesi inasukuma kidogo kutoka ndani na kila kitu kinakaa. Ikipoa, hakuna kinachoshikilia. Badilishana kibano kabla hujautupa mtungi.

---

KalamuYaGramu · #43

Na bado hakuna aliyejibu kwa nini siku ile pinki ilibaki hata baada ya joto kurudi, kama pakiti ilikuwa na akiba.

---

Mlinzi_wa_Sahani · #44

Ukingo una mkwaruzo mmoja unaoshika ukucha. Kibano nitabadilishana wiki ijayo, pakiti zilizobaki ni za wagonjwa. Kwa sasa mtungi wa zamani nimeubandika karatasi ya "usitumike", na ule mzima nitakuwa naandika rangi ya ukanda kwenye daftari mara mbili, jioni kabla ya kutoka na asubuhi kabla ya kugusa chochote, pamoja na joto la inkubeta.

---

DadaWaWodini · #45

Na fomu mtuwekee sehemu ya kuandika dawa alizoanza mgonjwa. Tutaijaza.